Usifunge Akaunti Kabla ya Kuisoma

Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, na bahasha chini ya leso kwenye kasha. Jalada la buluu limepauka na pembe moja imeliwa na mende, lakini ndani maandishi yote yanasomeka. Mstari wa mwisho ni wa Machi 2016: shilingi 2,400 zimeingia, salio 18,400, na muhuri wa karani umepigwa upande. Mwenyewe ni fundi cherehani wa Mombasa. Alifungua akaunti hiyo ya akiba mwaka 2009, akawa anaweka kidogo kidogo kila baada ya msimu wa sare za shule. Kisha mumewe akaugua, wakahamia kwa wakwe Kilifi, na safari za benki zikakoma. Aliporudi tawini mapema mwaka 2024, miaka minane ilikuwa imepita.

“Mwanangu, yule kijana wa kaunta ameniambia akaunti imekufa, haina kitu,” alinieleza. “Akanipa karatasi nitie sahihi, ifungwe. Nikamwambia ngoja kwanza, nikaulize.”

Nilimwomba anionyeshe karatasi hiyo. Ilikuwa fomu ya kawaida ya kufunga akaunti, ukurasa mmoja, na juu kidogo ya pahali pa sahihi palikuwa na sentensi ndogo inayosema mteja anathibitisha kwamba hana dai lolote dhidi ya benki. Nimefanya kazi ya uendeshaji wa akaunti kwa miaka mingi na fomu kama hizo nimezipitisha kwa mamia. Najua jinsi sahihi moja pale inavyogeuza mazungumzo. Kabla ya sahihi, mteja ni mtu anayedai pesa zake. Baada yake, ni mtu anayeomba hisani. Mama huyu alifanya jambo la maana kuliko yote pale aliposema “ngoja kwanza”, na safu hii inahusu yale yaliyofuata baada ya maneno hayo mawili.

Tuanze na pale pesa zilipo. Katika sheria, pesa ukishaziweka benki huwa ni za benki kuzitumia, nayo inabaki na deni kwako. Msingi huo uliwekwa na mahakama za Uingereza katika kesi ya Foley dhidi ya Hill ya mwaka 1848, na sheria ya benki ya Kenya imesimama juu yake. Kesi nyingine, ya Joachimson dhidi ya Swiss Bank Corporation ya mwaka 1921, iliongeza jambo linalowafaa hasa wenye akaunti zilizolala: deni la benki kwa mteja haliwi la kulipwa mpaka mteja alidai. Kwa hiyo mtu akikuambia kaunta kwamba “miaka sita imeshapita, sheria imekufungia mlango”, usikubali haraka. Saa haianzi kuhesabu siku uliyoweka pesa mara ya mwisho. Hoja yako ni kwamba inaanza siku unapodai na kunyimwa.

Ila deni hilo linaweza kuhama. Kenya ina Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, Namba 40 ya mwaka 2011. Inasema kwamba akaunti ya benki ambayo mwenyewe hakuigusa kwa miaka mitano huhesabiwa kuwa imeachwa. Benki zinaangalia akaunti zilivyo kufikia tarehe 30 Juni ya kila mwaka, na zile zilizotimiza miaka mitano huripotiwa, na pesa kukabidhiwa, si baada ya tarehe 1 Novemba. Anayepokea ni Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ile inayojulikana kwa herufi UFAA, na pesa huingia katika mfuko wa amana wa serikali kwa jina la mwenyewe. Hazitaifishwi. Mwenyewe anaweza kuzidai wakati wowote, hata miaka ishirini baadaye, na warithi wake wana haki hiyo hiyo.

Hesabu ya huyu mama basi ni nyepesi. Mara ya mwisho kuigusa akaunti ilikuwa Machi 2016, kwa hiyo miaka mitano ilitimia Machi 2021. Ripoti ya Juni 2021 ilimkuta, na kufikia mwanzo wa Novemba mwaka huo pesa zilipaswa kuwa zimeondoka benki. Kijana wa kaunta hakusema uongo. Kwenye kompyuta yake palikuwa na sifuri. Hakueleza tu sifuri ile imetoka wapi, na pengine hakuwa anajua.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Akaunti kulala ni jambo la benki yenyewe. Benki nyingi huiweka akaunti kando baada ya miezi sita au mwaka bila muamala wa mteja, kila moja kwa kanuni zake. Lengo la kuiweka kando ni ulinzi, kwa sababu akaunti isiyo na mtu wa kuiangalia ndiyo chakula cha mfanyakazi mwizi: anajua hakuna atakayepiga simu kuuliza. Ndiyo maana kuiamsha huhitaji maofisa wawili, mmoja aweke ombi na mwingine aidhinishe. Akaunti kuhesabiwa kuwa imeachwa ni jambo la sheria, nalo hungoja miaka mitano. Kama yako imelala kwa miaka miwili au mitatu, pesa bado ziko tawini, na kazi yako ni kuiamsha tu: nenda mwenyewe na kitambulisho cha asili, cheti cha namba ya kodi, picha na nambari ya simu unayoitumia sasa, ujaze fomu, kisha uweke au utoe kiasi kidogo ili muamala uonekane kuwa ni wako. Riba ambayo benki inakuongezea na ada inazojikatia hazihesabiwi. Ni lazima mkono wa mwenyewe uonekane.

Kwa sahihi, jiandae. Mtu aliyetia sahihi mwaka 2009 mara chache huandika vile vile leo, na kadi ya sahihi ya zamani ndiyo kipimo cha karani. Zisipolingana, usianze kuigiza sahihi yako ya zamani mbele yake, maana hapo utaonekana kama tapeli. Omba kujaza kadi mpya kwa kutumia kitambulisho, na benki ina utaratibu wa hilo.

Tulirudi tawini pamoja. Sikumwomba ofisa afunge chochote. Niliomba vitu viwili kwa maandishi. Cha kwanza ni taarifa ya akaunti, mstari kwa mstari, kuanzia Januari 2016 hadi siku salio lilipofika sifuri. Cha pili ni barua inayoonyesha tarehe ambayo pesa zilikabidhiwa Mamlaka, kiasi gani, na jina pamoja na namba ya kitambulisho zilivyoandikwa kwenye ripoti. Ofisa, dada mmoja mtulivu, alisoma ombi mara mbili kisha akaniuliza, “Na barua hii ya nini, kaka? Si waende tu Mamlaka?” Nikamwambia kwamba Mamlaka haijui ila kile benki ilichoiandikia, na kama benki iliandika vibaya, mama huyu atatafuta jina lake huko mpaka achoke.

Taarifa ilikuja baada ya wiki moja. Tuliitandaza juu ya meza ya cherehani, tukaweka kitabu pembeni, tukaanza kusoma.

Machi 2016, 18,400. Hapo kitabu na taarifa vinakubaliana. Mwaka ukaisha bila mstari wowote. Kisha Januari 2017 ukaanza mstari mdogo wenye maneno “ada ya uendeshaji”, shilingi 150. Februari, 150. Machi, 150. Haukukosa hata mwezi mmoja mpaka Juni 2021. Miezi hiyo ni 54, na 54 mara 150 ni 8,100. Mnamo Oktoba 2021 mstari wa mwisho ukatoa 10,300 kwenda Mamlaka. Mama alifuata kwa kidole chake mistari ile yote, juu hadi chini, hakusema neno. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena.

Kisheria, mambo yako hivi. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 16A, ambacho hata wafanyakazi wengi wa benki hawakijui. Kinasema taasisi haitatoza ada ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba, akaunti ya amana ya siku saba, au amana ya muda maalumu. Ya aina yoyote. Hakikuweka sharti kwamba akaunti iwe inatumika. Na kifungu hicho hicho kinaitaka benki ilipe riba ya akaunti ya akiba maadamu mteja amedumisha salio la chini lililowekwa. Kitabu cha huyu mama kimeandikwa “Akiba” kwenye jalada, na ukurasa wa kwanza unataja salio la chini la shilingi 1,000. Alikuwa na mara kumi na nane ya hiyo.

Basi ada ilitozwaje? Jibu liko katika mstari mmoja tuliokaribia kuuruka. Januari 2017, juu ya ada ya kwanza, palikuwa na maelezo yanayoonyesha aina ya akaunti imebadilishwa, kutoka akiba kuwa akaunti ya miamala. Akaunti ya miamala hailindwi na 16A. Inaweza kutozwa ada, na haina riba.

Kwa nini iwe wakati ule? Lazima turudi nyuma kidogo. Mnamo Septemba 2016 ilianza kutumika sheria ya kudhibiti viwango vya riba nchini Kenya. Watu wanaikumbuka kwa upande wa mikopo, kwamba riba isizidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia nne. Upande wa pili haukupigiwa kelele sana: amana zinazopata riba zilipaswa kulipwa angalau asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango kilipokuwa asilimia 10, sakafu ya riba kwa mwenye akiba ikawa asilimia 7 kwa mwaka. Kwa mtu aliyezoea riba ya asilimia moja au moja na nusu, hiyo ilikuwa neema, na kwa benki ilikuwa gharama kubwa ya ghafla. Neno lililokuwa na uzito katika sheria ile ni “zinazopata riba”. Benki kadhaa zikaanza kuhamisha wateja kutoka akaunti za akiba kwenda akaunti za miamala, zile zisizopata riba. Sakafu hiyo ya amana iliondolewa mwaka 2018, na mwaka 2019 udhibiti wa riba za mikopo nao ukaondolewa. Lakini kwa miaka miwili sakafu hiyo ilikuwa sheria, na mwenye akiba aliyekuwa amelala alikuwa analala juu ya pesa zaidi ya alivyojua.

Ukiwa na akaunti ya akiba iliyokuwa hai au iliyolala kati ya Septemba 2016 na 2018, kipindi hicho ndicho cha kukikagua kwanza kwenye taarifa. Angalia kama riba iliingia. Kama haikuingia, angalia jina la aina ya akaunti. Kama jina lilibadilika, uliza barua ya kukutaarifu ilitumwa wapi na ni nani aliyeikubali.

Tulipouliza, benki ilijibu kwamba notisi ilibandikwa matawini na kutumwa kwa ujumbe wa simu. Simu ya mama ya wakati huo ilikuwa imeshapotea, na laini yake ikagawiwa mtu mwingine. Hakuna karatasi yenye sahihi yake inayokubali kuacha akaunti ya akiba. Tukaandika barua ya malalamiko kwa meneja wa tawi, nakala kwa idara ya malalamiko makao makuu, ikitaja kifungu cha 16A kwa namba yake, ikiambatisha nakala ya jalada la kitabu, ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho. Tukaomba vitu viwili: ada 8,100 zirudishwe, na riba ya kuanzia Septemba 2016 hadi sakafu ilipoondolewa ilipwe. Mstari wa mwisho ulisema kwamba tusipopata jibu tutalipeleka jambo hili Benki Kuu. Benki Kuu ina mwongozo wa ulinzi wa wateja wa mwaka 2013 unaozitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko, na mlalamikaji ambaye ameanzia benki yenyewe kwa maandishi husikilizwa vizuri zaidi kuliko anayefika Benki Kuu na maneno ya mdomo.

Nakala za kitabu zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kenya ya kupambana na utakatishaji wa fedha, ya mwaka 2009, inazitaka benki zihifadhi kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka saba. Baada ya hapo hazibanwi na sheria hiyo, na mifumo ya kompyuta inapobadilishwa, miaka ya zamani mara nyingi haihamishwi. Kufikia 2024, mstari wa Machi 2016 ulikuwa umeshapita miaka hiyo saba. Kwa bahati taarifa ya benki bado ilikuwa nao. Kama isingekuwa nao, kitabu cha mama chenye muhuri wa karani kingebaki kuwa ushahidi wa awali kwamba benki ilikuwa inadaiwa 18,400, na mzigo wa kueleza pesa zilikwenda wapi ungekuwa wa benki. Kwa hiyo usimwachie karani kitabu cha asili “kwa ajili ya faili”. Mpe nakala, na cha asili umwonyeshe kikiwa mkononi mwako.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Benki ilikubali kurudisha ada zote 8,100. Kuhusu riba, ilikubali kipindi cha kabla ya kubadilisha aina ya akaunti tu, yaani tangu sheria ilipoanza tarehe 14 Septemba hadi mwisho wa Desemba 2016. Asilimia 7 ya 18,400 ni 1,288 kwa mwaka. Kwa siku 109 inatoka 385 hivi, na ukiondoa kodi ya zuio ya asilimia 15 inabaki shilingi 327. Kwa makadirio yangu, kipindi kizima cha miaka miwili kingempa kama 2,100 na zaidi kidogo baada ya kodi, kwa sababu kiwango cha Benki Kuu kilishuka kidogo mwaka 2018. Tofauti hiyo si kubwa. Lakini ni yake.

Nilimwambia achukue walichokubali, na asikubali kwamba ndiyo mwisho. Kwenye stakabadhi ya malipo aliandika kwa mkono wake, juu ya sahihi: “Nimepokea marejesho ya ada na sehemu ya riba, bila kuacha dai la riba iliyobaki.” Ofisa alisita, akaenda kuuliza ndani, akarudi akaipiga muhuri. Maneno kama hayo hayana uchawi, ila yanazuia ile hoja ya baadaye kwamba kupokea ni kuridhika.

Sasa tuingie upande wa Mamlaka, ambako 10,300 zilikuwa zinangoja. Kutafuta ni bure, na kudai ni bure. Unaweza kupiga *361# kwenye simu na kuingiza namba ya kitambulisho, au kutafuta kwenye tovuti yao, au kwenda kwenye dawati lao katika Huduma Centre. Mtu yeyote anayekupigia akisema ana “faili lako” na anataka pesa za kulifungua, kata simu.

Mama alitafuta kwa namba yake ya kitambulisho. Hakuna kitu. Akatafuta kwa jina lake. Hakuna. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakaamini benki imewala. Sisi tulikuwa na barua ya benki. Tuliisoma tena na tatizo likawa wazi: kwenye ripoti, jina lake la kwanza limeandikwa kwa “e” badala ya “i”, jina la tatu ni la baba yake ilhali kitambulisho chake cha sasa kina la mume, na namba ya kitambulisho imekosa tarakimu moja ya mwisho. Karani wa mwaka 2009 aliandika alivyosikia, na hakuna aliyesahihisha. Pwani hii, ambako jina moja linaandikwa kwa njia tatu na wanawake huchukua jina jipya wakiolewa, kosa hili ni la kila siku. Tulipotafuta kwa tahajia ya benki, jina likatokea.

Kuona jina ni jambo moja na kuthibitisha ni wewe ni jingine. Alihitaji hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikisema kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na kueleza jinsi moja lilivyotoka kwa jingine. Akaambatisha cheti cha ndoa. Aliomba pia benki iiandikie Mamlaka kusahihisha namba ya kitambulisho, maana aliyeripoti ndiye anayeweza kusahihisha ripoti yake. Hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na nadhani ndilo linalokwamisha madai mengi zaidi ya uhaba wa nyaraka: benki ikishakabidhi pesa haina tena haraka. Mfuatilie ofisa mmoja kwa jina, kwa barua, kila wiki mbili. Pamoja na hayo zikaenda fomu ya madai, nakala ya kitambulisho iliyothibitishwa na wakili, cheti cha namba ya kodi, ile taarifa ya akaunti, na maelezo ya akaunti ya kupokelea pesa. Akaunti ya kupokelea lazima iwe ya jina lake mwenyewe. Mtoto wake alitaka pesa ziingie kwake, “ili mama asisumbuke”, nikamwambia hapo atakuwa anaanzisha dai jingine kabisa.

Mambo yangekuwa mazito zaidi kama mwenye kitabu angekuwa amefariki. Hapo warithi hawawezi kwenda na cheti cha kifo peke yake. Kwa kawaida wanahitaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ombi litangazwe katika gazeti rasmi la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na kwa kawaida miezi sita ipite kabla ya hati kuthibitishwa. Kwa 10,300, gharama za wakili na nauli za kortini zinaweza kumeza pesa yenyewe. Ushauri wangu kwa familia ni kutafuta majina ya marehemu kwanza, benki zote, hisa, bima, simu, kisha kuorodhesha kila kilichopatikana katika ombi moja la mirathi. Anayekwenda kortini kwa kitabu kimoja, halafu akapata cha pili mwaka unaofuata, hulazimika kurudi kuomba hati irekebishwe.

Swali jingine ninaloulizwa sana ni la benki iliyotoweka. Mara nyingi haijatoweka, imebadili jina. Barclays ya Kenya ni Absa tangu 2020. NIC na CBA zimeungana kuwa NCBA tangu 2019. Fidelity ilichukuliwa na SBM mwaka 2017. Equatorial Commercial ikawa Spire, na amana za Spire zikaenda Equity mwaka 2023. Benki iliyomeza nyingine imemeza madeni yake pia, pamoja na lile la kitabu chako, kwa hiyo nenda kwa mrithi wake ukiwa na jina la zamani la tawi. Ila kama benki ilifilisika na kufungwa, mlango wako ni Shirika la Bima ya Amana la Kenya, na huko kuna kikomo. Tangu Julai 2020 bima inalipa hadi shilingi 500,000 kwa mteja katika benki moja, na kabla ya hapo ilikuwa 100,000. Zaidi ya hapo unangoja mgao wa mufilisi kama wadai wengine.

Tulirudi kufunga akaunti mwezi wa saba tangu siku ya kwanza, 8,100 zikiwa zimeshaingia na dai la Mamlaka limeshapokelewa. Tulikata ile sentensi ya “sina dai lolote” kwa mstari mmoja wa wino, mama akaweka herufi za jina lake pembeni, ofisa naye akaweka zake. Tuliomba barua inayosema akaunti namba fulani imefungwa tarehe fulani ikiwa na salio sifuri na haina ada inayodaiwa, kwa sababu nimeona akaunti za miamala zilizodhaniwa zimefungwa zikiendelea kujikata ada mpaka zikawa hasi, na mwenyewe akaja kupigiwa simu kama mdeni. Tulihakikisha pia huduma ya benki kwa simu iliyounganishwa na laini yake ya zamani, ile aliyonayo mtu mwingine sasa, imeondolewa.

Miezi kadhaa baadaye, 10,300 ziliingia kwenye akaunti yake ya chama cha akiba. Alinipigia jioni. “Zimefika zote, baba. Mungu akuweke.” Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia cherehani inazunguka nyuma yake. “Na ile riba nyingine, barua ya Benki Kuu tunaandika lini?”

Tuliiandika Jumamosi iliyofuata, kurasa mbili, na kwenye kiambatisho cha kwanza tukaweka nakala ya jalada la buluu lenye neno “Akiba”.